Tupeane uzoefu: uke unaojibana na maumivu wakati wa tendo la ndoa

Mleta mada (Mwanga, Kigoma)
Ndugu zangu, naomba waliopitia jambo hili waeleze walivyotoka, nami naanza na langu. Kwa miezi 14 ya ndoa, mimi na mume wangu hatukuweza kuingiliana. Nilimtamani, lakini alipokaribia tu mapaja yalijibana, pumzi ikanikata, na mlangoni pakawa kama pana ukuta unaochoma. Somo alisema ni uoga wa mwali, shangazi akasema ni jini mahaba. Katika kituo kimoja cha afya niliingizwa chuma cha kupanulia uke bila neno la maelezo, na nilipolia nikaulizwa mbona wenzangu wanazaa. Tangu siku ile nilijibana hata kwa kuwaza kitanda cha kupimiwa.

Daktari wa pili hakunigusa siku ya kwanza. Aliuliza kama maumivu ni ya mlangoni au ya ndani kabisa, kama yalikuwapo tangu mwanzo, na kama nimewahi kulazimishwa. Siku ya kunipima alikuwapo muuguzi wa kike, nami nilishika kioo, tukakubaliana kwamba nikiinua mkono anaacha papo hapo. Aligusa nje kwa kijiti cha pamba, akitafuta kidonda au sehemu moja inayochoma, kisha ncha ya kidole kimoja chenye jeli, na hapo mimi mwenyewe nikaona kwenye kioo jinsi misuli inavyojifunga bila amri yangu. Alisema kizinda changu hakina kasoro na hakuna cha kukata.

Tiba ilianza kwa kukatazwa kabisa kujaribu tendo, na katazo hilo peke yake lilinirudishia usingizi. Wiki mbili nilijifunza kuvuta pumzi hadi tumboni na kuachia chini kama mtu anayeanza kukojoa. Kisha kikafuata kidole changu kidogo, kucha imekatwa, kikipakwa jeli ya maji, nikikiingiza ninapotoa pumzi na kukituliza humo dakika 10 hivi, siku nyingi za wiki. Baadaye nilipata vipanuzi vya plastiki vya ukubwa unaopanda, ambavyo ndugu aliniletea kutoka Dar es Salaam. Cha tatu kilinishinda wiki tano kwa sababu nilikuwa nakisukuma, maana mama mkwe alikuwa anauliza habari za mjukuu. Niliporudi kwenye cha pili na kumweleza mshauri wetu shinikizo lile mbele ya mume wangu, mwili ukafunguka. Mwezi wa saba wa tiba tulifanikiwa, mimi nikiwa juu na nikiongoza mwenyewe.

Bibi wa Ujiji
Pole, mwanangu. Mimi baada ya uzazi wa nne nilifundishwa kubana misuli kama ninayekatiza mkojo, nikapona. Ungebana kila siku usingehangaika hivyo.

Muuguzi mstaafu, Tabora
Shikamoo, bibi. Kwako misuli ilikuwa imelegea, ndiyo maana kubana kulikufaa. Huyu misuli yake tayari imebana, na kuiongezea nguvu kungemzidishia maumivu. Hata hivyo umegusa jambo la kweli, kwa kuwa wengine huambiwa wabane kidogo halafu waachie, ili waujue mwachio wenyewe ulivyo.

Mama wa Kasulu
Basi na mimi ninao ugonjwa huo. Sikuwa na shida kabla, lakini nimejifungua miezi minne iliyopita, nilishonwa, nanyonyesha, na sasa pakavu na panakwaruza.

Muuguzi mstaafu, Tabora
Dada, njia yako ni nyingine. Kunyonyesha hushusha homoni inayolainisha uke, na kovu la mshono nalo huweza kuvuta. Nenda ukaangaliwe kovu na maambukizi kwanza, na kwa sasa tumia jeli. Ukiacha hivi hivi, misuli nayo huweza kujifunza kujikinga, ukawa na matatizo mawili. Na anayeumia ndani kabisa, hasa mwenye hedhi kali, asianze na vipanuzi kabla hajachunguzwa kizazi.

Mume, Kibirizi
Nilidhani mke wangu ananikataa, nikahamia chumba kingine. Nimenunua krimu ya ganzi. Je, inafaa?

Muuguzi mstaafu, Tabora
Huweza kupunguza mchomo wa ngozi, lakini haifundishi misuli kulegea, na ikimfanya asisikie mnapomuumiza, kesho atajibana zaidi. Muulize aliyempima kabla ya kuipaka.

Mleta mada
Kaka, rudi chumbani kwanza. Wangu alilala kando yangu miezi yote ile tukipapasana mgongo na mikono tu, kwa makubaliano kwamba haitafika mbali zaidi.

Mume, Kibirizi
Nitamwambia leo. Yeye amekataa katakata kurudi kupimwa.

Mleta mada
Aende kuongea tu, na amwambie daktari mapema kwamba siku hiyo hapandi kitandani. Mimi nilianza hivyo.