Emoji ni lugha kamili au ni chumvi tu ya maneno?

mzee_wa_kijiwe: Wadau, nimebishana na shemeji tangu jana. Yeye anasema emoji ni lugha, ina sarufi yake, mi nasema ni kiungo tu cha kunogesha meseji. Ushahidi wake: binti yake alimtumia 🚌😴🏠 akaelewa hapo hapo kwamba mtoto kalala njia nzima na sasa kashafika. Mnasemaje?

Pwani77: Shemeji yuko sahihi. Si hata Wamisri wa kale waliandika kwa picha?

fundi_sarufi: Zile picha nyingi zilisimamia sauti mkuu, ndo maana waliweza kuandika hata jina la mtu. Hebu niandikie Mwanaidi kwa emoji. Na huyo shemeji alielewa kwa vile alijua mwanae yuko safarini, ningetumiwa mimi ningehisi mtu anauza basi la kulala. Jaribu "hawakunipiga". Neno moja tu lakini ndani yake kuna waliofanya, aliyefanyiwa, wakati, na kukanusha. Ukiweka 👥👊🙋 ntajua kuna ngumi ila sijui nani kampiga nani, jana au kesho, na ukibandika ❌ mwishoni inaweza kuwa "msinipige" au "acheni kupigana".

MamaZuu: Samahani mi nikitumiwa emoji mpya naona viboksi tu, hiyo nayo ni sarufi??

Pwani77: Simu yako ya zamani mama, apdeti mfumo kama inakubali. Ila fundi, mpangilio si upo? Basi kwanza, usingizi, halafu nyumbani.

fundi_sarufi: Upo, hapo nakupa. Ila huo ni mfuatano wa matukio, kama picha za katuni, sio wa sentensi. Halafu cheki 🏃🏠, jamaa anaelekea kushoto kwahiyo anaonekana anaikimbia nyumba. Wanaoelekea kulia waliingia kwenye Unicode, ile orodha rasmi ya herufi na emoji, mwaka 2023. Mi naona emoji ni kama mikono ya mtu anayeongea. Ndo maana tunarudia 😂😂😂 ila hakuna anayeandika "kiti kiti kiti".

Pwani77: Na "polepole"? "Pigapiga"? Kiswahili kinarudia kila siku.

fundi_sarufi: Hiyo umenikamata kidogo 😅 ila pigapiga ina maana yake tofauti na piga, 😂 tano ni cheko lile lile limepanda sauti.

dada_kimya: Mi hata hilo neno "tu" silitaki. Mchumba akiniandikia "Sawa" nalala, akiandika "Sawa 🙄" silali. Chumvi gani hiyo inageuza chakula kizima?

fundi_sarufi: Hata akikutamkia "sawa" huku kabenua mdomo hulali, na mdomo kubenuka sio lugha.

dada_kimya: Kwangu ni lugha, tena naielewa vizuri sana.

mzee_wa_kijiwe: Nimempa shemeji mtihani wa "hawakunipiga". Kajibu 👥🥊🙅🙋. Nikamwonyesha mke wangu bila kumwambia kitu, kaniuliza, "Nani kakatazwa ndondi?"