Ushauri: daftari la maabara nililorithi limeandikwa "98%" tu, nashindwa kulinganisha

MwanaKaole
Wakuu, habari za jioni. Niko fildi kwenye maabara ya mbu hapa Bagamoyo. Nimekabidhiwa jaribio alilofanya mwenzangu mwaka jana, mbu wa mashamba ya mpunga dhidi ya karatasi zenye permethrini 0.75%, nilirudie na kulinganisha. Kwenye daftari lake kuna mstari mmoja tu: "Permethrini, mbu 100, vifo 98%." Mimi nimepata vifo 91 kati ya 100, na kwenye kontroli wamekufa 6 kati ya 50. Msimamizi anauliza tofauti imetoka wapi. Nitaijuaje? Na langu niliandike vipi ili atakayenifuata asikwame?

Kijana_wa_Dunda
Mbona iko wazi, mbu wamekuwa sugu. Kutoka 98 hadi 91 ndani ya mwaka, andika hivyo. Halafu achana na daftari, weka kila kitu Excel, makaratasi yanapotea.

BiViluwiluwi
Usugu unawezekana, lakini kwa mstari ule huwezi kuudai. Hujui mbu wake walikuwa na umri gani. Tunatumia majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanywa damu, kwa sababu mbu akizeeka hata dawa hafifu humwangusha. Hujui karatasi zilishatumika mara ngapi, wala kontroli yake walikufa wangapi. Hiyo 98 inaweza kuwa imesahihishwa au haijasahihishwa.

Tazama yako. Kontroli 6 kati ya 50 ni asilimia 12, kwa hiyo unasahihisha kwa kuondoa vifo visivyotokana na dawa:

(91 − 12) ÷ (100 − 12) × 100 = 89.8

Kwa mwongozo wa WHO, chini ya 90 ni usugu uliothibitika, na 90 hadi 97 bado ni wa kushukiwa. Ungeandika "91%" peke yake, msomaji angekuweka kundi lingine. Andika idadi ghafi kwanza, asilimia baadaye. Sasa nipe vifo tyubu kwa tyubu.

Ngamiani_Lab
Sisi hospitali huku Tanga tunatumia rejesta: namba ya sampuli, jina la mgonjwa, majibu, sahihi. Nunua kaunta buku, piga mistari, umemaliza. Ukikosea weka korekta juu, ukurasa ubaki safi.

BiViluwiluwi
Kaka, kaunta buku nakuunga mkono, kurasa zake zimeshonwa, ukichana moja inajulikana. Ila rejesta inapokea majibu ya kipimo ambacho utaratibu wake tayari umeandikwa pengine. Yeye anatakiwa aandike na alivyofanya. Korekta hapana: piga mstari mmoja, namba ya zamani iendelee kusomeka, andika mpya pembeni na sababu, tarehe na herufi za jina. Na kalamu iwe ya wino usiofutika kwa maji wala spiriti.

MwanaKaole
Shikamoo dada, asante. Tyubu ni 25, 24, 25 na 17, kila moja mbu 25. Kontroli ni 3 na 3. Niliwaweka saa moja, nikahesabu baada ya saa 24.

BiViluwiluwi
Marahaba. Umeiona hiyo 17? Tyubu tatu zimeua karibu wote, moja imebaki nyuma sana. Mbu wakiwa sugu kwa jumla, upungufu ungejitokeza zaidi kwenye tyubu zote nne. Karatasi ya tyubu ya nne ilitoka wapi?

MwanaKaole
Niliandika namba za boksi. Tatu ni za boksi jipya, ya nne ni ya boksi lililokuwa limefunguliwa kwenye friji. Zimetumika mara ngapi hakuna aliyeandika.

Kijana_wa_Dunda
Basi itoe hiyo tyubu, ubaki na 74 kati ya 75.

BiViluwiluwi
Usiitoe. Iache kwenye ukurasa na shaka yako pembeni. Karatasi moja haitumiki zaidi ya mara sita, na ile inaweza kuwa imechoka, lakini huo ni ukisiaji. Ijaribu kwa mbu wa Kisumu, wale wa maabara wasio na usugu, sambamba na karatasi ya boksi jipya. Wakifa wote kwenye mpya na wakabaki hai kwenye ile, umeishika. Wakifa wote pande zote, karatasi si mkosaji, rudi kwa mbu wako. Kuanzia leo, kila karatasi ikitoka kwenye tyubu, weka alama kwenye bahasha yake na daftarini. Kontroli yako nayo iko juu, andika joto na unyevu mwanzo na mwisho wa saa 24, si mara moja tu.

Excel ya kijana ni nzuri kwa hesabu, ila faili lipewe tarehe na namba ya ukurasa wa daftari.

Kijana_wa_Dunda
Sawa dada, ila kwa nini usipige picha bahasha na simu?

BiViluwiluwi
Piga, lakini ibandike au itajwe ukurasani. Picha iliyobaki kwenye simu itaondoka naye akimaliza fildi.

MwanaKaole
Mbu wa Kisumu wapo, wanatoka kesho kutwa. Nitasubiri wafike siku 3. Hiyo 98 ya mwenzangu niifanyeje kwenye ripoti?

BiViluwiluwi
Itaje kama ilivyo, useme kontroli na karatasi hazikuandikwa. Usichore mstari wa kuunganisha 98 na yako.

Ngamiani_Lab
Mtafute huyo mwenzako kwanza, huenda ana karatasi za pembeni alizoandikia.