Tupeane uzoefu: andalio la somo la kwanza, usiku wa kuamkia ukaguzi

Mwalimu wa Muheza
Leo nimemwona mwalimu mgeni akitetemeka mbele ya daftari, nikaukumbuka usiku wangu. Nilikuwa na wiki tatu kazini pale mwalimu mkuu alipotutangazia, jioni, kwamba wathibiti ubora wangefika asubuhi, nami siku zote hizo nilikuwa nimefundisha kwa nukuu tu. Niliwasha taa ya sola na kufungua azimio la kazi: Hisabati, darasa la nne, kujumlisha sehemu zenye asili moja, dakika 40. Kwenye lengo niliandika "mwanafunzi aelewe sehemu", nikafuta, kwa kuwa kuelewa hakuonekani kwa macho; nikaandika kwamba kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili moja kwa usahihi. Zana yangu ilikuwa machungwa, ambayo kwetu hayasumbui kupatikana, kila moja likatwe vipande vinne vilivyo sawa.

Saa nane usiku niliona nafasi nyingine za andalio zikiwa wazi, nikazionea aibu, nikazijaza: waliohudhuria 62, tathmini "somo limeeleweka vizuri". Kulipokucha mvua ilinyesha, wakaja 41. Mtoto wa kwanza niliyemwita ubaoni alijumlisha 1/4 na 2/4 akapata 3/8, na nusu ya darasa wakamuunga mkono. Mama aliyekaa nyuma alisoma andalio langu, akahesabu vichwa, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, somo hili limeeleweka lini?"

Bibi wa Pangani
Pole, mwanangu. Usiku huandikwa idadi ya waliosajiliwa peke yake; ya waliohudhuria husubiri kuitwa majina, na tathmini pamoja na maoni husubiri kipindi kiishe. Hiyo 3/8 ndiyo iliyokuwa tathmini yako: ungeandika kwamba wengi wanajumlisha na asili pia, na kwenye maoni kwamba utarudia kwa vipande vinne vya chungwa lilelile, ili waone kuwa robo haigeuki kuwa sehemu ya nane kwa kuwekwa karibu na robo nyingine.

Kijana wa Chumbageni
Mimi hunakili andalio la mwaka jana na kubadilisha tarehe. Sijawahi kugunduliwa.

Bibi wa Pangani
Hujagunduliwa, au hujaambiwa?

Kijana wa Chumbageni
Shikamoo, bibi. Mada ni ileile, na vipindi ni vingi mno kuandika upya kila siku.

Bibi wa Pangani
Marahaba. Mada ni ileile, watoto je?

Mfanyabiashara wa Ngamiani
Nasi dukani tulikaguliwa ghafla, tukakesha tukitafuta risiti.

Mwalimu wa Kange
Huu ni ukaguzi wa darasani, ndugu. Mwalimu wa Muheza, machungwa je?

Mwalimu wa Muheza
Nilipanga yatumike mpaka hatua ya kuimarisha maarifa. Yaliliwa kwenye utangulizi.