Naomba ushauri: nitapimaje ukubwa wa hadhira ya video za ufundi wa mashine za boti kwa Kiswahili?

FundiMokowe (Lamu):
Assalamu alaykum wanabaraza. Mimi ni fundi wa mashine za boti huku Mokowe, na mpwa wangu ananihimiza nianze chaneli ya YouTube ya kufundisha matengenezo kwa Kiswahili. Kabla sijanunua kamera na maikrofoni ningependa kujua ni watu wangapi hasa wanaotafuta mambo haya. Nimefungua Google Keyword Planner, na kwa "injini ya boti" imenipa utafutaji 10–100 kwa mwezi. Kwa "kutengeneza mashine ya boti" haikunipa kitu. Hata hivyo, nimekuta video kumi na moja za Kiswahili kuhusu kazi hii, kutoka chaneli tatu, na ukijumlisha mitazamo yake unapata 236,000. Vipimo hivi viwili vinapingana. Nishike kipi?

KijanaWaShela:
Ndugu fundi, achana na takwimu za utafutaji, kwa sababu wavuvi hawaandiki sentensi ndefu kwenye Google. Wengi hufungua YouTube moja kwa moja. Shika mitazamo ya washindani. Gawanya 236,000 kwa kumi na moja upate kama 21,000 kwa kila video, na hicho ndicho kiasi utakachotarajia ukifanya kazi nzuri.

MamaHaluwa (Malindi):
Mimi nina chaneli ya mapishi, na naona tatizo lako ni picha ya jalada. Nilipobadilisha majalada yangu, nikaweka sinia ya mahamri na mbaazi kwa karibu, mitazamo ilipanda. Weka picha ya mashine iliyofunguliwa, mwanangu, watu watakuja.

FundiMokowe:
Shukran, mama, nitalikumbuka nikianza. Kwa sasa bado sijui kama nianze.

BiHesabu (Tanga):
Kaka wa Shela amesema kweli katika jambo moja: Keyword Planner hupima utafutaji wa Google, si wa YouTube, na asiyelipia matangazo hupewa tabaka pana tu, ambamo 11 na 95 huonekana sawa. Isitoshe, Kiswahili kina namna nyingi za kuitafuta kazi hiyohiyo. Mmoja ataandika mashine, mwingine injini, wa Mwanza ataandika jina la kampuni ya mashine na neno "haiwaki" basi. Kila namna peke yake ni ndogo mno kuonekana, na chombo kikikosa data ya kutosha hakionyeshi kitu, jambo ambalo si sawa na kusema hakuna anayetafuta. Google Trends nayo, hata ukichagua YouTube Search, hukupa ulinganisho wa 0 hadi 100 na si idadi ya watu.

Lakini wastani wa 21,000 siukubali. Fundi, tuandikie mitazamo ya kila video, na utueleze ile kubwa kuliko zote inahusu nini.

FundiMokowe:
Ndogo kumi ni hizi: 700, 900, 1,100, 1,500, 1,800, 2,100, 2,600, 3,700, 4,400 na 5,200. Kubwa ina 212,000. Kichwa chake kinataja nguvu ya injini, lakini ndani ni boti zinashindana, na maoni karibu yote ni ya kushangilia.

BiHesabu:
Basi hiyo si ya hadhira yako, iondoe. Hata ukiibakiza, ukizipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa iliyo katikati ni 2,100, yaani sehemu moja kwa kumi ya ule wastani. Video moja iliyopaa huuvuta wastani wote juu pamoja nayo.

Hata 2,100 haitoshi kukuambia kitu, kwa kuwa ni jumla ya maisha yote ya video. Huenda yote ilipatikana wiki ya kwanza, ndugu na marafiki walipotumiana, na tangu hapo hakuna aliyeifungua. Unachotaka kujua ni mwendo wa sasa. Fungua kila video, uandike idadi kamili ya mitazamo leo, kisha urudi baada ya siku 28 uandike tena. Video ya zamani ambayo bado inaongezeka polepole, kwa kawaida inalishwa na watu wanaotafuta. Iliyosimama ilikuwa habari ya siku yake. Video fupi za Shorts uziweke kando, kwa sababu tangu tarehe 31 Machi 2025 YouTube huhesabu mtazamo kila Short inapoanza kucheza, hata mtu akiipita papo hapo.

FundiMokowe (wiki nne baadaye):
Nimerudi na hesabu. Zote kumi na moja ni video ndefu. Video sita kati ya zile ndogo hazikuongeza hata mitazamo kumi kila moja. Nne ziliongeza 610 kwa pamoja: ya kusafisha kabureta, ya kubadilisha impela ya pampu ya maji, ya kuchanganya oili na petroli, na ya mashine isiyotoa moto kwenye plagi. Zote nne zina zaidi ya mwaka mmoja.

BiHesabu:
Hii sasa ni hesabu ya kufanyia kazi. Mitazamo 610 si watu 610, kwa maana fundi aliyefungua kabureta huirudia video mara mbili au tatu mikono ikiwa na mafuta, na huyohuyo hutazama na ya impela. Tuseme ungewachukua wote, na kila mtazamo ukadumu dakika nne: ni dakika 2,440, takriban saa 41 kwa siku 28, kama saa 530 kwa mwaka. Ili kugawiwa mapato ya matangazo kwa video ndefu, YouTube hudai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za utazamaji ndani ya miezi kumi na miwili. Mahitaji yanayoonekana leo hayakufikishi hata karibu. Kama lengo ni wateja wa karakana yako, hilo ni jambo jingine.

KijanaWaShela:
Bi Hesabu, hapo unapima soko lisilo na bidhaa. Video zenyewe ni nne! Anayetafuta asipate, hutazama ya Kiingereza au ya Kihindi bila kuelewa maneno, na hiyo haimo katika 610 yako. Halafu huku Lamu video hupakuliwa zikatumwa kwa WhatsApp, na hizo YouTube haizihesabu kabisa.

BiHesabu:
Nakubali kwamba 610 ni kiwango cha chini. Juu yake sina namna ya kukisia kutoka nje. Itabidi apime kutoka ndani. Fundi, rekodi mbili tu kwa simu uliyo nayo, ya kabureta na nyingine ambayo hakuna aliyeifundisha. Baada ya siku 28 fungua YouTube Studio, kwenye vyanzo vya watazamaji uchague YouTube search, utaona maneno yenyewe waliyoandika watu. Ile ya pili ikipata mitazamo ya utafutaji, kaka wa Shela ana haki.

FundiMokowe:
Nitafanya hivyo bila kununua kamera. Ila nina shaka moja: hizo wiki nne zilikuwa za kaskazi, boti zote ziko baharini. Kusi likianza, nyingi hupandishwa pwani kutengenezwa, na simu zinazonijia huongezeka sana. Je, ile 610 ni ya msimu tu?

NahodhaMwanza:
Kwetu ziwani hakuna kusi wala kaskazi za namna hiyo, ndugu, na mashine huharibika mwaka mzima. Inategemea hao watazamaji wako wanatoka wapi.