Binti yangu wa miaka 9 ameota kifua na amewapita wenzake kwa urefu. Ni kweli ataacha kurefuka mapema?

MamaWaNgamiani:
Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nipo Tanga mjini, Ngamiani. Nina binti ametimiza miaka 9 mwezi uliopita, yuko darasa la tatu, na ndiye mrefu kuliko wote darasani, wa kike kwa wa kiume. Mwili wake pia ni mnene. Juzi nilimpeleka kupimwa, ana kilo 45 na urefu sentimita 141.

Miezi 8 hivi iliyopita nilikuwa namsuka akanilalamikia kifua kinamuuma upande wa kushoto. Nilipogusa nikakuta kitu kigumu kama kifungo cha shati, nyuma ya chuchu. Sasa ni pande zote mbili. Halafu kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha bibi yake tuna mistari ya kalamu, kila Idi ya mfungo tunampima. Mwaka juzi hadi mwaka jana aliongezeka sentimita 6. Mwaka jana hadi mwaka huu ni 9.

Mimi nilifurahia urefu. Nesi ndiye aliyenishtua, akasema watoto wanene wakiwahi hivi husimama mapema, wenzake watampita. Bibi yake naye anasema mwali huyo, aitwe somo amfunde. Lakini huyu bado analala na mwanasesere wa kitambaa! Wiki iliyopita nilimtuma dukani, mwanamume mzima akamwita mrembo. Nililia.

Naomba mnieleweshe, unene unahusiana vipi na kubalehe? Na kweli atakuwa mfupi? Baba yake ana sentimita 168, mimi 156.

Kaka_Pongwe:
Pole sana dada. Hilo ni kuku wa kisasa. Wanadungwa homoni wakue wiki tano, na homoni zile zile zinaingia kwa watoto wetu. Mpe kuku wa kienyeji na samaki, hali itarudi nyuma yenyewe.

BintiWaMakorora:
Dada umenigusa. Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka 10, darasa la nne. Nilikuwa mnene na mrefu, nasimama nyuma mstarini, mwalimu wa michezo akanichagua netiboli nafasi ya golikipa. Nilipofika darasa la saba nilikuwa nimehamia mstari wa mbele, na wala sikuwa nimepungua hata sentimita, ila wenzangu ndio waliokuja juu. Leo nina sentimita 152. Mama yangu ana 153, kwa hiyo sijui kama nilipoteza kitu au ndio urefu wetu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyenieleza. Siku ya damu ya kwanza nilijua nimeumia ndani. Ongea na mtoto mapema, tafadhali.

TabibuMstaafu:
Mama wa Ngamiani, pole mwanangu. Nimetibu watoto miaka mingi, nitakujibu polepole.

Kwanza umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, umegusa. Mtoto mnene anaweza kuwa na kifua cha mafuta matupu. Akilala chali mafuta hutawanyika na chini ya chuchu hakuna kitu kigumu. Ukikuta kifungo kigumu kinachouma kikiguswa, hilo ni titi lenyewe limeanza. Na sentimita 9 kwa mwaka zinathibitisha, maana mtoto wa umri wake ambaye hajaanza kubalehe huongezeka 5 au 6.

Sasa kwa nini unene? Mafuta ya mwilini hayakai bure. Yanatoa homoni iitwayo leptini, na ubongo unaisoma kama taarifa ya akiba: ghalani kuna chakula cha kutosha. Kwa msichana, mwili hauanzi safari ya uzazi mpaka taarifa hiyo ifike. Leptini peke yake haianzishi kubalehe, ila inaondoa kizuizi, na kwa mtoto mnene kizuizi hicho huondoka mapema. Pia insulini yake huwa juu, nayo husukuma urefu hata kabla ya kubalehe. Ndiyo maana mtoto mnene mara nyingi huwa mrefu tangu miaka 6 au 7, na watu husema anakula vizuri.

Kuhusu kusimama. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna gegedu laini, na hapo ndipo urefu unapotengenezwa. Homoni ya kike, estrojeni, inafanya kazi mbili kwenye gegedu hilo: inaharakisha ukuaji, na wakati huo huo inalikomaza mpaka ligeuke mfupa mtupu. Likishageuka, hakuna chakula wala dawa inayoliamsha. Mtoto mnene anapata estrojeni hiyo mapema, na sehemu yake hutengenezwa ndani ya mafuta yenyewe. Kwa hiyo ameanza mbio kabla ya wenzake, na atazimaliza kabla yao.

Hata kwa wanaume ni estrojeni hiyo hiyo inayofunga mifupa. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walimwandika kijana wa miaka 28, urefu sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake ni ya mtoto wa miaka 15. Mwili wake ulikuwa hausikii estrojeni kabisa.

Kaka wa Pongwe, kuku wa kisasa hadungwi homoni. Anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula chake. Ila kuku huyo akizamishwa kwenye mafuta na kuwekwa juu ya chipsi kila siku, hapo unene unakuja. Na kubalehe kukishaanza sawasawa, usitegemee kurudi nyuma kwa sababu ya kubadilisha kitoweo.

Kaka_Pongwe:
Nashukuru mzee wangu, hilo la kudungwa nililisikia kwa watu. Lakini akipungua uzito si homoni nazo zitapungua? Mafuta ndiyo yanayotengeneza, umesema mwenyewe.

TabibuMstaafu:
Zinaweza kupungua kiasi, na kwa mtoto ambaye hajaanza kubalehe, kupunguza unene huenda kukachelewesha mambo. Kwa aliyekwisha anza, sijaona ushahidi wa kunifanya nimwahidi mama kwamba kutasimama. Mfupa uliokomaa haurudi utotoni.

BabaMuheza:
Mimi wangu ni wa kiume, miaka 11, mnene, kifua kama cha msichana. Nimemwekea bomba la kuning'inia na maziwa lita moja kila siku ili arefuke. Dada nawe jaribu bomba.

TabibuMstaafu:
Baba wa Muheza, bomba halina ubaya, ila halirefushi mifupa. Na dada hana shida ya urefu wa leo, anauliza wa kesho. Kwa wavulana picha si moja: wapo wanene wanaowahi, wapo wanaochelewa, hata watafiti hawajakubaliana. Kwa mvulana dalili ya kwanza ni korodani kukua, kifua hakitoshi kusema. Akiwa mnene na anaendelea kurefuka vizuri, mara nyingi ni unene tu. Akiwa mnene lakini urefu umesimama, wenzake wanamwacha, mpeleke haraka, maana huko tunatafuta ugonjwa wa homoni, kama wa tezi ya shingo. Je, wako anarefuka?

BabaMuheza:
Sijawahi kumpima. Nitaanza.

MwalimuPangani:
Mtoto wa dada yangu huko Dar anachomwa sindano ya kusimamisha kubalehe. Dada, mbona usiombe hiyo? Ingemwokolea urefu.

TabibuMstaafu:
Mwalimu, mtoto huyo alianza na miaka mingapi? Msichana tunasema amewahi kupita kiasi anapoanza kabla ya miaka 8. Akiwa chini ya 6 tunaangalia mpaka ubongo, na sindano hiyo humsaidia kweli urefu. Binti wa Ngamiani alianza na miaka 8 na miezi kama 5. Kwa aliyeanza umri huo faida ya urefu ni ndogo au haipo. Mama, omba picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, isomwe umri wa mifupa.

MwalimuPangani:
Alianza na miaka 5. Nimeelewa tofauti. Ila bado naona wazazi wapewe nafasi ya kuchagua, maana si urefu tu, kuna mtoto anayevunja ungo kabla ya akili kumpevuka.

TabibuMstaafu:
Hapo sibishani nawe. Ni sababu ya kukaa na daktari bingwa na kuzungumza.

MamaWaNgamiani:
Nimerudi baada ya wiki tatu. Picha imepigwa. Wamesema mifupa ni ya miaka 11. Nimeogopa, miaka miwili mbele!

TabibuMstaafu:
Tupige hesabu pamoja. Kwanza urefu wa ukoo: jumlisha 168 na 156, toa 13 kwa kuwa ni msichana, gawa kwa 2. Unapata 155 na nusu. Watoto wenu wa kike wengi watakuwa karibu na hapo, wakizidi au kupungua sentimita kama 8.

Sasa yeye. Msichana mwenye mifupa ya miaka 11 huwa amefika takriban asilimia 90 ya urefu wake wa mwisho. Sentimita 141 ukigawa kwa 0.9 ni kama 156 au 157. Umeona? Ni pale pale kwa ukoo wenu. Leo wastani wa msichana wa miaka 9 ni 132 au 133, kwa hiyo anaonekana jitu darasani, lakini ukimlinganisha na wasichana wa miaka 11, wenye mifupa kama yake, yuko chini kidogo ya wastani wao. Hajaongezewa urefu, ameupokea mapema.

Hesabu hii inaweza kukosea kwa sentimita kadhaa. Vitabu vya kusomea picha hizo vinatumia watoto wa mji wa Cleveland, Marekani, wa miaka ya 1930, na wetu hawalingani nao kila mara.

Kutoka titi kuanza hadi kuvunja ungo ni kama miaka 2, wengine zaidi, wengine pungufu. Akishavunja ungo hubaki na sentimita 5 hadi 7 hivi. Mwandae kabla ya miaka 10 na nusu.

MamaWaNgamiani:
Nimepumua. Na chakula? Asubuhi anakula mahamri manne na chai ya maziwa ya sukari, shuleni ana hela ya chipsi, jioni bibi anampa soda.

TabibuMstaafu:
Usimfungishe. Soda na juisi za sukari ziondoke nyumbani kwa wote, si kwake peke yake. Mahamri mawili na yai au maharage. Lengo uzito usimame hapo kwenye 45 huku yeye anarefuka. Akifika 150 na kilo hizo hizo, tayari amepungua bila kukonda.

BintiWaMakorora:
Na bibi umwambie nini kuhusu somo?

MamaWaNgamiani:
Hilo bado tunavutana. Nimemwomba asubiri, amesema kwao hawakusubiri.

TabibuMstaafu:
Mpime kila miezi mitatu, asubuhi, maana jioni mtu hupungua karibu sentimita moja. Bila viatu, visigino vigusane na ukuta. Na usipimie juu ya nywele zilizosukwa, mama, mistari yenu ya Idi huenda ina sentimita mbili za mabutu.

MamaWaNgamiani:
Kila Idi huwa amesukwa! Nitamfumua Jumamosi nipime upya.