MREJESHO: Kusoma namba za bima kwenye picha
Niliuliza: nina picha ya jedwali la bima kubwa ya gari na ofa mpya, nalinganishaje?

Wakuu nimerudi. Nilipiga picha upya dirishani bila flashi, simu ikasoma thamani ya gari milioni 20 na ada 826,000, nikagawa kwa 1.18 kutoa VAT ikabaki 700,000, yaani 3.5% kamili ya thamani ya gari, basi hizo zimesomwa sawa. Ofa mpya imeandikwa 630,000, rahisi eti, kumbe haina VAT, ikiingia ni 743,400, alafu 630,000 kwa 3.5% ni gari la milioni 18! Ekses, ile sehemu ya hasara unayolipa mwenyewe, ndo ukague kwa macho, simu ilikula nukta 7.5% ikawa 75%. Ofa mpya ni 10% ya kila klemu. Nimebaki na ya zamani.