Naomba ushauri: nepi za kitambaa hazikauki Tukuyu, na mtoto ana vipele

Mama wa Tukuyu: Habari zenu wanajukwaa. Nina mtoto wa miezi 5 ninayemfunga nepi za kitambaa, kwa sababu pampasi za kila siku zinazidi uwezo wetu. Tangu mvua zikaze, nepi hazikauki hata zikishinda barazani kutwa nzima, na mtoto amepata wekundu mapajani usiotaka kupona. Je, nirudi kwenye pampasi?

Kijana wa Mafinga: Dada, chanzo ni sabuni. Suuza mpaka maji yasitoe povu, kwa kuwa mabaki ya sabuni ya unga huwasha ngozi, na usitie kilainishi cha nguo kwa maana hupunguza uwezo wa kitambaa kunyonya. Mwanangu alipona kwa hilo tu.

Bibi wa Makete: Sisi tulilea kwenye baridi kuliko hiyo, tukianika nepi kwenye kamba jikoni juu ya moto wa kuni, na watoto wakakua. Kina mama wa sasa mnaikimbia kazi. Washa jiko la mkaa chumbani jioni, zitakauka.

Nesi Mstaafu: Bibi, shikamoo, lakini hilo la mkaa chumbani ninalipinga kabisa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mama, nijibu kwanza: wekundu umeingia ndani ya mikunjo ya mapaja au uko sehemu zinazotokeza tu? Usiku anavaa nini? Ametumia dawa yoyote hivi karibuni?

Mama wa Tukuyu: Anavaa nepi hizo hizo.

Nesi Mstaafu: Na juu ya nepi?

Mama wa Tukuyu: Chupi ya nailoni, kwa sababu tunalala naye na godoro ni moja. Nepi huwa na ubaridi kidogo ninapomfunga, ila ninakuwa nimeipiga pasi. Wekundu umeingia kwenye mikunjo, na pembeni kuna vidoadoa. Kabla ya hapo alimaliza dawa ya antibayotiki ya kifua, lakini sikudhani vinahusiana. Hata hivyo nimekwisha kulipia dazeni nyingine ya nepi za flana zenye tabaka nne, kwa hiyo kuacha kitambaa sasa ni hasara.

Nesi Mstaafu: Wekundu wa unyevu na msuguano kwa kawaida hukaa matakoni na sehemu zinazotokeza, ukiiacha mikunjo. Ukiingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vidoadoa, hasa baada ya antibayotiki, ninashuku fangasi, na krimu ya zinki peke yake haitauondoa. Mpeleke kituo cha afya wamwangalie. Mara nyingi hutolewa krimu ya klotrimazoli. Usijinunulie krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, kwa sababu chini ya nailoni ngozi huinyonya zaidi na inaweza kuwa nyembamba.

Kuhusu kukausha, pasi hukausha uso wa nepi nene huku tabaka za katikati zikibaki na maji. Iguse kwa mdomo wa juu: ukisikia ubaridi, bado ni mbichi. Kitambaa cha tabaka moja, kikitandazwa pasipo kukunjwa mahali penye upepo, hukauka upesi kuliko nene kwa sababu hewa hukifikia pande zote mbili. Nepi za kipindi hiki zichemshe. Usiku, kama mnaweza, mfunge pampasi moja na kuiacha nailoni, kwa sababu nailoni huzuia mvuke kutoka.

Msomaji Makini: Ninautilia shaka uzi huu. Mtu hana fedha ya pampasi lakini amelipia dazeni ya nepi nene? Kesho tutaletewa namba ya simu ya muuzaji.

Mama wa Tukuyu: Siuzi chochote. Fundi ni wifi yangu na ninamlipa kidogokidogo, ilhali pampasi hudai fedha taslimu kila zinapoisha. Nepi zenyewe ziko kitandani hapa, nyingine zikiwa bado mbichi.

Kijana wa Mafinga: Hata kama angekuwa muuzaji, maelezo ya nesi yanabaki sahihi. Nami sikuwaza mikunjo.

Bibi wa Makete: Mkaa nimeuondoa kwenye ushauri wangu. Moto wa kuni kwenye jiko la nje bado ninausimamia.

Nesi Mstaafu: Jiko la nje lenye mwanya wa moshi sawa, lakini nepi zisiguse masizi, na ziwe mbali na moto. Mama, mwombe wifi yako afumue mshono wa pande tatu ili tabaka zifunguke wakati wa kuanika na kukunjwa tena wakati wa kumfunga.

Mama wa Tukuyu: Ndaga. Nitampeleka kliniki kesho. Pampasi ya usiku sijui tutaimudu kwa muda gani, na nepi mbili wifi amekubali kuzifumua kwa majaribio.